Pause Ina Mwisho Wake: Flashi, King'amuzi na Mechi Inayosubiri

Timu ya taifa inacheza, na nyumba moja mjini Mombasa inaitazama kwa king'amuzi cha bure, kile kisicholipiwa kila mwezi, chenye antena juu ya paa na flashi ya gigabaiti 16 kwenye tundu la USB. Mechi ilianza saa 11 jioni. Saa 12:32, kipindi cha pili kikiwa katikati, adhana ya magharibi inasikika. Mwenye nyumba anabonyeza Pause, picha inasimama mshambuliaji akiwa amenyanyua mguu, naye anatoka kwenda msikitini. Anarudi baada ya dakika 25 akitegemea kumkuta mshambuliaji palepale alipomwacha. Anakuta picha inatembea, ubao wa matokeo umebadilika, na hakuna mtu aliyegusa rimoti.

Lawama huiangukia flashi: ni mbovu, au ni ndogo. Lakini gigabaiti 16 zinatosha kuhifadhi mechi nzima na mazungumzo ya wachambuzi baada yake. Tatizo limo kwenye mstari mmoja wa menyu ambao watu wengi hawajawahi kuufungua. Ili kuuelewa, tuanze na kile kinachotokea kidole kinapogusa Pause.

Matangazo ya moja kwa moja hayasimami. Mnara unaendelea kurusha, na antena inaendelea kupokea. Kinachosimama ni picha iliyo kioo chako tu. Nyuma yake king'amuzi kinaanza kazi mbili kwa pamoja: kinaandika kwenye flashi kila kinachoingia kutoka kwenye antena, na kinakumbuka mahali ulipoachia. Ukibonyeza Play, kinasoma kuanzia pale ulipoachia huku kikiendelea kuandika yanayoingia. Kuanzia hapo hutazami tena matangazo ya moja kwa moja. Unatazama faili lililo nyuma ya wakati kwa dakika zile ulizokuwa nje. Kwenye menyu na vitufe vya rimoti huduma hii huitwa Timeshift.

Kanda za zamani za video hazikuweza kufanya hivyo, kwa sababu kichwa cha mashine hakiwezi kurekodi mwisho wa kanda na kusoma mwanzo wake kwa wakati mmoja. Mashine za nyumbani zilizoleta uwezo huu, TiVo na ReplayTV, zilitokea Marekani mwaka 1999 zikiwa na diski ngumu ndani yake, na zilikuwa ghali. Sehemu ya gharama ilitokana na kwamba televisheni ya wakati huo ilikuwa ya analojia, hivyo mashine ililazimika kuigeuza picha kuwa tarakimu na kuibana kabla ya kuihifadhi. Huku kwetu mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Tangu hapo picha hutufikia ikiwa tayari ni tarakimu, tena imeshabanwa na kituo chenyewe. King'amuzi hakina cha kugeuza. Kinachambua vifurushi vya chaneli unayotazama kutoka kwenye mkondo unaoingia na kuvimwaga kwenye flashi kama vilivyo. Ndiyo maana kifaa cha bei nafuu kinaweza leo kufanya kazi iliyohitaji mashine ya fahari, na ndiyo maana picha ya Timeshift haina tofauti yoyote ya ubora na ile ya moja kwa moja.

Kwa kuwa hakuna kinachobanwa upya, ukubwa wa faili unaamuliwa na kituo. Chaneli ya kawaida, isiyo ya HD, mara nyingi hutumia megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde. Ya HD huweza kutumia 6, 8 au zaidi, na mpira wa miguu hudai nyingi kwa sababu kila kitu uwanjani kinatembea. Tuseme mechi yetu inarushwa kwa megabiti 8. Megabiti 8 ni megabaiti 1, kwa hiyo kila sekunde inayopita inakula megabaiti 1 ya nafasi. Dakika 25 za msikitini ni sekunde 1,500, yaani megabaiti 1,500, gigabaiti moja na nusu. Kwenye flashi ya gigabaiti 16 hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa menyu. Ving'amuzi vingi vya aina hii havitumii flashi nzima kwa Timeshift. Hutenga faili moja lenye ukubwa maalumu, na ukubwa huo huchaguliwa ndani ya menyu ya USB au PVR, kwenye mstari ulioandikwa Time Shift Size au maneno ya jamii hiyo. Chaguo huwa kama 512 MB, 1 GB, 2 GB na 4 GB, na kifaa hakitakuuliza unachotaka iwapo hukuingia mwenyewe. Katika nyumba yetu ya Mombasa mstari ule ulikuwa kwenye 512 MB. Kwa megabaiti 1 kila sekunde, hizo ni sekunde 512, dakika nane na nusu. Flashi ingekuwa ya gigabaiti 128, bado zingekuwa dakika nane na nusu.

Faili hilo ni kama daftari ambalo karani akifika ukurasa wa mwisho hurudi wa kwanza, akifuta ya zamani na kuandika mapya juu yake. Mradi msomaji yuko karibu na karani, hakuna shida. Lakini msomaji akilala kwenye ukurasa mmoja, karani atazunguka mpaka amfikie mgongoni, na hapo lazima mmoja wao asalimu amri. King'amuzi hakiwezi kufuta sehemu ambayo hujaitazama bila kukupotezea mwendelezo, wala hakiwezi kuacha kuandika. Kwa hiyo vingi huamua kumwamsha msomaji: picha inaanza kutembea yenyewe. Vingine huachana na faili na kukurudisha kwenye matangazo ya moja kwa moja.

Kwa hesabu hiyo, kilichotokea nyumbani ni hiki. Faili lilijaa saa 12:40 na nukta kadhaa. Picha ikaanza kutembea kuanzia saa 12:32 ya mchezo, mbele ya viti vitupu, ikiwa nyuma ya uwanja kwa dakika nane na nusu. Mwenye nyumba alipoingia saa 12:57 mechi ilikuwa imeshakwisha uwanjani, na kioo chake kilikuwa kinaonyesha mambo ya saa 12:48 na ushei. Akirudisha nyuma atakuta robo ya saa hivi ya mchezo, pamoja na bao, imeshafutwa, kwa kuwa faili halibebi zaidi ya dakika zile nane na nusu. Angeweka 2 GB angekuwa na dakika 34, na mshambuliaji angemsubiri na mguu wake hewani. Kwa 4 GB, dakika 68. Chaneli hiyohiyo ingekuwa ya kawaida, ya megabiti 3, gigabaiti 4 zingefika karibu saa tatu.

Ukitaka kujua chaneli zako zinakula kiasi gani, huhitaji kifaa cha fundi. Rekodi dakika kumi kamili kwa kitufe cha REC, kisha tazama ukubwa wa faili kwenye menyu au kwenye kompyuta. Likiwa na megabaiti 600, hiyo ni megabaiti 1 kwa sekunde. Likiwa na 225, chaneli ni ya megabiti 3. Gawanya ukubwa wa Timeshift uliouchagua kwa kiasi hicho, na jibu ni sekunde ulizoruhusiwa kuwa nje.

Chaguo nyingi huishia 4 GB, na sababu moja ya kawaida ni mfumo wa FAT32, ambao flashi nyingi huja nao. FAT32 haikubali faili moja linalozidi gigabaiti 4. Rekodi ndefu kifaa hukwepa kizuizi hicho kwa kuikata vipande, lakini faili la Timeshift aghalabu hubaki kipande kimoja.

Malalamiko ya pili ni ya kurudisha nyuma. Bao limefungwa, ulikuwa jikoni, unakimbilia rimoti na kubonyeza kitufe cha kurudisha, na hakuna kinachotokea. Hapa tatizo halihusu ukubwa. Kwenye ving'amuzi vingi vya bei nafuu flashi huanza kuandikwa pale tu unapobonyeza Pause. Kabla ya hapo hakuna faili, na lililopita limepita. Baadhi ya menyu zina chaguo la kuanzisha Timeshift kila unapofungua chaneli. Kama yako haina, kuna ujanja ambao wapenzi wa mpira wanaujua: mechi inapoanza bonyeza Pause, subiri kidogo, kisha Play. Kuanzia hapo king'amuzi kinaandika mfululizo na unaweza kurudi nyuma kutazama bao mara unazotaka, mradi halijafutwa. Gharama yake ni kwamba jirani atashangilia kabla yako.

Hata katika hali hiyo, faili ni la chaneli moja. Kifaa chenye kipokezi kimoja kinachota mkondo wa chaneli unayotazama, na ukihamia nyingine kuchungulia taarifa ya habari, faili la kwanza linatupwa. Ukirudi unaanza upya. Vilevile jihadhari na kitufe cha Stop. Wengi hukibonyeza wakidhani kinasimamisha picha, kumbe kwenye vifaa vingi maana yake ni kwamba umemaliza na Timeshift, nirudishe uwanjani. Dakika ulizozitunza zinakwenda nazo. Ukitaka kuyafikia matangazo ya moja kwa moja bila kupoteza kitu, peleka mbele taratibu mpaka picha yenyewe ikatae kwenda zaidi.

Usishangae pia picha ikiruka ovyo unaporudisha nyuma kwa kasi. Katika picha iliyobanwa, ni chache tu zilizo kamili, moja kila nusu sekunde au sekunde moja hivi. Zilizo katikati zimehifadhiwa kama mabadiliko kutoka kwa wenzake, na haziwezi kuchorwa peke yake. Kifaa kikikimbia kinyumenyume huonyesha zile kamili tu. Mchezaji anaonekana hapa, kisha pale, bila hatua za katikati. Flashi yako haina kosa.

Lakini kuna mahali ambapo flashi huwa na kosa kweli, nalo ni kwenye kuandika. Pakiti ya flashi hujivunia kasi ya kusoma. Kuandika ni jambo jingine, na flashi ya bei ya chini huweza kuandika megabaiti 3 au 5 kwa sekunde. Kwa mechi yetu ya megabaiti 1 hiyo inaonekana tele. Tatizo ni kwamba haiandiki kwa mwendo sawa. Kila baada ya muda husita ili kufuta eneo na kupanga upya seli zake, na kusita huko kunaweza kudumu nusu sekunde au zaidi. Ongeza kwamba wakati huohuo inaombwa pia kusoma. King'amuzi kina kumbukumbu ndogo ya kupokea yanayoingia wakati flashi imesita, na kumbukumbu hiyo ikifurika, vifurushi vinavyofuata vinapotea. Unachokiona ni vipande vya mraba usoni mwa mtangazaji na sauti inayokatika.

Shida ni kwamba mawimbi hafifu ya antena huleta alama zilezile. Namna ya kutofautisha ni kurudi kwenye matangazo ya moja kwa moja na kuyatazama kwa dakika kadhaa bila Timeshift. Yakiwa safi, na vipande vya mraba vikirudi mara tu unapowasha Timeshift, mshtakiwa ni flashi. Yakikatika hata bila Timeshift, panda juu ya paa. Halafu rudisha nyuma sehemu iliyoharibika na uitazame tena. Ikiharibika palepale kila mara, basi uharibifu umo ndani ya faili, na hakuna kurudisha nyuma kutakakoutengeneza. Watu wengine hutumaini kwamba mvua ikikata matangazo, Timeshift itawarudishia kilichopotea. Kisichofika kwenye antena hakikuandikwa. Picha ikikwama mara hii na kupita salama mara ya pili, basi flashi iliandika vizuri ila ilichelewa kusoma.

Baadhi ya ving'amuzi vina kipimo ndani ya menyu ya USB ambacho huandika na kusoma kwa muda mfupi, kisha huonyesha kasi kwa KB/s. Tazama namba hiyo kabla ya mechi. Kwa chaneli ya HD ya megabaiti 1 kwa sekunde, mimi nisingeridhika na kitu chini ya 3,000 KB/s, kwa sababu ya ule usitaji.

Kisha kuna flashi za uongo. Imeandikwa 64 GB, kompyuta nayo inasema 64 GB, kumbe ndani kuna chipu ya 8 GB iliyodanganywa kutangaza ukubwa usio wake. Ukiweka picha chache hutagundua. Timeshift na kurekodi huandika mfululizo mpaka mbali, hivyo hugundua haraka: mwanzo ni mzuri, na kuanzia mahali fulani yaliyohifadhiwa hayafunguki au yamevurugika. Programu ya bure ya Windows iitwayo H2testw huijaza flashi data na kuisoma tena, kisha hutoa hukumu. Inachukua muda, na ni bora kufanya hivyo siku ya kununua, muuzaji akiwa bado anakukumbuka.

Hayo yote ni ya king'amuzi. Televisheni nyingi mpya nazo zina Timeshift ndani yake, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa kwetu huvunjika moyo. Timeshift ya televisheni hufanya kazi na kipokezi cha televisheni yenyewe, yaani antena ikiwa imechomekwa moja kwa moja nyuma ya televisheni. Nyumba nyingi za huku hupokea chaneli kupitia king'amuzi kinachounganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI. Kinachopita kwenye waya huo ni picha iliyokwisha kufunguliwa, kubwa mno kwa flashi, na mara nyingi ina kinga dhidi ya kunakiliwa. Televisheni haina cha kuandika. Ukichomeka flashi yako kwenye televisheni huku unatazama HDMI, kitufe cha Timeshift kitabaki bubu. Flashi lazima iwe kwenye king'amuzi, nacho kiwe na huduma hiyo. Tundu la USB peke yake si ushahidi, kwa sababu kuna ving'amuzi ambavyo tundu lake ni la kusasisha programu au kuchezea muziki basi.

Kampuni za kulipia nazo zina uamuzi wao. Chaneli zao zimefungwa kwa msimbo, na kampuni inaweza kuruhusu Timeshift, kuizuia, au kuiweka kwenye vifaa vyake vya bei ya juu tu. DStv, kwa mfano, iliweka diski ngumu ndani ya king'amuzi chake cha Explora, kwa hiyo mteja wake hahitaji flashi kabisa. Watengenezaji wa televisheni nao huizima huduma hii kwenye modeli au nchi fulani, hata kama kitabu cha maelekezo kinaitaja. Pale inapokuwapo, baadhi huikatia kikomo cha dakika, 90 kwa mfano, bila kujali ukubwa wa diski.

Televisheni pia huwa kali kuliko king'amuzi kuhusu diski yenyewe. Mara ya kwanza itaomba kuifomati, na kufomati kunafuta kila kilichomo, picha za harusi zikiwamo. Baada ya hapo diski huwa katika mfumo ambao Windows haiutambui, na ukiichomeka kwenye kompyuta itakuuliza kama uifomati upya. Rekodi zilizomo kwa kawaida zimefungwa kwa ufunguo wa televisheni hiyohiyo, na televisheni ya jirani haitazifungua, hata ikiwa ya modeli ileile. Kwa sababu hiyo ni afadhali kutenga flashi au diski moja kwa kazi hii na isitoke hapo.

Swali la mwisho ni lipi bora, flashi au diski ngumu ya nje. Flashi huchakaa kwa kuandikwa: seli zake huvumilia kufutwa na kuandikwa upya mara mamia hadi elfu kadhaa. Kwa mtu anayebonyeza Pause mara mojamoja hilo si neno. Kwa nyumba ambayo Timeshift inajiwasha kila chaneli inapofunguliwa, saa sita za HD kwa siku ni zaidi ya gigabaiti 21 zinazoandikwa kila siku, na flashi ndogo itaanza kusita zaidi na zaidi kabla ya kufa. Diski ngumu haina uchovu wa aina hiyo na huandika kwa kasi iliyo sawa zaidi, lakini inadai umeme. Tundu la USB la aina ya 2.0 limekusudiwa kutoa miliampea 500, na diski ndogo huweza kuhitaji zaidi ya hizo inapoanza kuzunguka. Ukisikia inapiga tik, tik, kisha inanyamaza, na menyu inasema hakuna USB, haijaharibika bado. Ina njaa ya umeme, na dawa yake ni kisambazio cha USB chenye adapta yake ya ukutani. Umeme wa nyumba ukikatika yeyote kati ya hizo akiwa anaandika, Timeshift yote inapotea, na mara nyingine orodha ya mafaili inavurugika kiasi cha king'amuzi kuomba kufomati tena. Kwenye flashi hilo ni suala la dakika chache. Kwenye diski ya gigabaiti 500 iliyojaa rekodi, nakili kwanza zinazofunguka kwenye kompyuta kabla ya kukubali.